Majibu ya Menejimenti, Hoja Na. 7: Makusanyo Kuchelewa Kupelekwa Benki

Menejimenti inakubali hoja yenu ya ukaguzi. Ni kweli kwamba Sh. 4,860,000 zilizokusanywa kwenye mnada wa mifugo na stendi kati ya Januari na Machi 2025 zilikaa mikononi mwa wakusanyaji siku 9 hadi 23 kabla ya kupelekwa benki. Umbali wa mnada ulichangia, lakini hautoshi kuwa sababu: taarifa ya wakusanyaji wanaodaiwa ilitolewa mwisho wa mwezi tu, hivyo hakuna aliyeona deni likikua.

Kuanzia 2 Juni 2025, Mhasibu wa Mapato atatoa taarifa hiyo kila asubuhi. Mashine ya kukusanyia mapato yenye deni lililozidi saa 24 itafungwa siku hiyohiyo na Ofisa TEHAMA. Hatua hii ndiyo tunayoitegemea zaidi, na haitakuwa na msamaha wa mdomo. Siku za mnada, fedha zitawekwa kwa wakala wa benki aliyepo palepale.

Sh. 640,000 ambazo hazijarejeshwa zitafuatiliwa na Mweka Hazina hadi 30 Juni; zikibaki, Mwanasheria atafungua shauri kabla ya 31 Julai. Mkaguzi wa Ndani atawasilisha kwenu hati za benki kwa uhakiki ifikapo 15 Agosti 2025.

Mkurugenzi Mtendaji