UMECHOMWA NA SINDANO? ACHA KAZI, ANZA HAPA

Wodi ya Upasuaji: wauguzi, madaktari, wanafunzi na wahudumu wa usafi

SASA HIVI

Mwachie mwenzako mgonjwa. Vua glavu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha funika kwa plasta.

Usikamue, usinyonye, usisugue. Usimwagie spiriti, iodini wala klorini: zinaunguza nyama na hazipunguzi hatari.

Damu ikiruka jichoni, suuza kwa maji safi au dripu ya chumvi dakika 15, jicho likiwa wazi. Ikiingia mdomoni, tema, sukutua mara kadhaa.

Sindano iende kwenye boksi la usalama bila kurudishiwa kifuniko. Wengi hujichoma hapo.

RIPOTI KABLA YA SAA MOJA KUPITA

Mwambie kiongozi wa zamu. Mchana piga simu ya ndani 214, kliniki ya wafanyakazi. Usiku na sikukuu, nenda kwa daktari wa zamu, idara ya dharura. Usisubiri zamu iishe.

Andika kwenye rejista ya ajali: saa, sindano yenye tundu au ya kushonea, kina cha jeraha, kama ilikuwa na damu, kama ulivaa glavu. Sindano yenye tundu iliyotoka kwenye mshipa ndiyo ya hatari zaidi.

Mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa VVU, homa ya ini B na C. Aombwe na mtu mwingine, siyo wewe.

DAWA YA KINGA (PEP)

Dozi ya kwanza imo kwenye kabati la dharura la wodi, kopo jekundu. Daktari akiamua unaihitaji, meza ndani ya saa 2 ikiwezekana. Baada ya saa 72 haianzishwi: virusi vikishajikita kwenye seli, dawa haiwezi kuving'oa. Usingoje majibu ya mgonjwa. Yakitoka salama, daktari ataisimamisha.

Kwa kawaida ni TLD, kidonge 1 kwa siku, siku 28 zote. Kichefuchefu huwaachisha wengi njiani. Meza na chakula, na uombe dawa ya kukituliza. Mwambie daktari kama una mimba, unanyonyesha, una tatizo la figo, au unatumia madini ya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia, maana hizi tatu hupunguza nguvu ya TLD.

Njoo na kadi ya chanjo. Kwa asiyechanjwa, homa ya ini B huambukiza kwa urahisi kuliko VVU (ambavyo ni takriban 3 kwa kila majeraha 1,000). Chanjo, na kingamwili ikihitajika, zitolewe ndani ya saa 24.

UFUATILIAJI

Damu yako: leo, wiki ya 6, wiki ya 12, homa ya ini C hurudiwa baada ya miezi 6. Hadi uambiwe uko salama, tumia kondomu na usichangie damu.

Ukipata homa, vipele, macho ya njano au mkojo mweusi, rudi kliniki siku hiyo hiyo.