Mpango wa Kurejea Kunyanyua Vyuma: Goti la Kushoto

Dada Salma,

Nimeipokea barua ya mtaalamu wako wa fiziotherapia inayokuruhusu kurudi kwenye mazoezi ya jumla, ikiwa ni miezi saba tangu ufanyiwe upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti. Ruhusa hiyo si ya kubeba tena kilo 100 ulizokuwa ukichuchumaa nazo. Barua inaonyesha kwamba paja la kushoto lina asilimia 82 tu ya nguvu za la kulia, na mwili wenye upungufu wa namna hiyo huuhamishia mzigo mguu wenye nguvu zaidi bila mwenyewe kutambua.

Kwa hiyo wiki nne za kwanza utachuchumaa hadi kugusa boksi la usawa wa goti, ukianza na chuma kitupu cha kilo 20, ukishuka taratibu kwa hesabu ya tatu, seti tatu za marudio manane. Kila seti iishe ukiwa bado unaweza kuongeza marudio manne. Kila wiki tutaongeza kilo 5, zisizidi hapo. Nitakurekodi kwa simu nikiwa mbele yako, kwa sababu kosa huonekana pale unapoinuka kwenye boksi: nyonga husogea kulia kidogo, na karibu kila mnyanyuaji huapa kwamba amesimama wima. Tukiliona hilo, uzito unapungua siku hiyo hiyo. Kwenye mashine ya kusukuma kwa mguu mmoja, anza na wa kushoto, kisha wa kulia ufuate idadi ile ile, hata kama unaona ni mchezo.

Kuinua chuma kutoka chini kunahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa kano iliyopandikizwa gotini ilichukuliwa nyuma ya paja lako. Tutaanza na kilo 30, chuma kikishushwa hadi chini kidogo ya goti tu. Ukisikia mvuto wa ghafla nyuma ya paja, kiweke chini.

Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi tutaondoa boksi na kushuka kina chako chote, kwa seti za marudio matano. Uzito mkubwa wa marudio mawili au moja utasubiri kipimo kipya cha nguvu kifikie walau asilimia 90. Tarehe ya mashindano haitabadilisha sharti hilo.

Kila asubuhi pima mzunguko wa goti kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya kifuniko cha goti. Maumivu ya mbili kwa kumi yanayoisha kufikia kesho yake yanavumilika. Goti likiongezeka sentimita moja, rudia uzito wa wiki iliyopita. Likikwama au kukuachia ghafla, acha mazoezi yote ya miguu, umpigie mtaalamu wako kwanza, kisha mimi.

Kocha wako