Barua kwa baba kuhusu vaiva

Plymouth, Uingereza
9 Februari 2025

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mama na wote hapo Jambiani. Mimi sijambo, alhamdulillah. Baridi bado kali, lakini koti alilonishonea shangazi linanifaa sana.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kuhusu lile swali lako la kwenye simu juu ya tasnifu yangu ya mwani: "Kitabu umeshakikabidhi, sasa mtihani wa nini tena?" Siku ile sauti ilikuwa inakatikakatika, nikakujibu mbiombio. Halafu Mwanaidi akanieleza kuwa ami Khamis anasema barazani kwamba huenda kazi yangu imekataliwa, ndiyo maana naitwa kuhojiwa. Haikukataliwa, baba. Kila anayesomea uzamivu huku lazima aipite hatua hii, na hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo. Nimeona niandike ili uisome kwa utulivu, na ami naye umsomee.

Barua ya chuo inautaja mtihani huu kwa jina lake la Kilatini, viva voce. Sisi wanafunzi tunasema vaiva tu. Ni mtihani wa mdomo. Wangu utakuwa Alhamisi tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi saa za huku, kwenu itakuwa saa saba mchana. Itakuwa mwishoni mwa Shaaban, kwa hiyo sitakuwa nimefunga.

Watahini ni wawili. Mmoja ni wa chuo hiki hiki, anaitwa mtahini wa ndani. Wa pili anatoka chuo kingine, naye ni bingwa wa mimea ya baharini. Hakuna kati yao aliyewahi kunisaidia katika kazi hii. Msimamizi wangu, yule profesa uliyezungumza naye kwa video sikukuu iliyopita, haruhusiwi kunitahini, kwa sababu ameshiriki kuilea kazi tangu mwanzo. Anaweza kukaa chumbani nikikubali, lakini hatatia neno. Nimemwomba awepo, aniandikie wanayosema watahini, maana nitakuwa nawaza majibu na mengine yatanipita.

Sasa hivi kila mtahini anaisoma tasnifu peke yake, neno kwa neno, kisha anaandika maoni yake kabla hajakutana na mwenzake. Siku yenyewe wanakaa pamoja kwanza, wanapanga maswali, halafu naitwa. Kwa kawaida huanza na swali jepesi, kama vile "Tueleze kwa ufupi umegundua nini." Baada ya hapo hufungua kurasa walizozitia alama, na maswali huwa magumu zaidi. Mara nyingi inachukua saa mbili, pengine tatu. Ninaruhusiwa kuingia na nakala yangu ya tasnifu. Nimeshaibandika vikaratasi vya rangi: njano kwenye hesabu, kijani kwenye mahojiano, buluu pale nilipotofautiana na watafiti wengine.

Utauliza, ikiwa kila kitu kimeandikwa mle ndani, wanahoji nini? Baba, wewe ulipokuwa unasoma kwa shehe wako ulinieleza kwamba hakukupa ijaza kwa sababu tu kitabu ulikimaliza. Alikukatisha katikati ya mstari akakuuliza maana yake, na kwa nini wanavyuoni wengine walisema vingine, hadi aliporidhika kwamba elimu imekukaa. Vaiva ni namna hiyo hiyo. Wanataka kuhakikisha kazi niliifanya mimi mwenyewe, na kwamba naijua mpaka inapofikia mwisho wa nguvu zake.

Hili la mwisho ndilo ninalojiandalia zaidi. Wiki iliyopita wenzangu walinifanyia mazoezi, wakajifanya watahini. Mmoja alifungua ukurasa wenye mchoro wa joto la maji akaniuliza kwa nini mstari unakatika mwezi wa Julai. Nikamweleza kwamba kipimajoto cha upande wa Paje kilichukuliwa na mawimbi ya kusi, na cha kubadilisha kilifika baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo tasnifu yangu haidai chochote kuhusu Paje mwezi ule. Akaninong'oneza kuwa jibu kama hilo ndilo wanalolitafuta, kwa sababu mtafiti anayeficha pengo huonekana haraka, na mwenye kulitaja na kulipima huaminiwa hata kwa mengine.

Kuna swali moja ambalo nina hakika litakuja, nami nalisubiri kwa hamu. Sura ya nne yote nimeijenga juu ya maneno ya mama na wenzake. Unajua kilimo cha mwani kimeanza kwetu 1989, na wapo kina mama waliokuwamo tangu kamba za mwanzo. Wao ndio walionieleza miaka ambayo mwani wa aina ya kotonii ulianza kufa, ukigeuka mweupe na kukatika vipande vipande, wakabaki na ule wa spinosamu ambao bei yake ni ya chini. Mtahini ataniuliza: kumbukumbu ya mtu ya miaka ishirini nyuma, unaiaminije? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sikuchukua neno la mtu mmoja. Niliwauliza kina mama wa vijiji viwili, mbalimbali, bila wao kusikilizana, na kila mmoja aliufunga mwaka na jambo la nyumbani kwake, harusi au mtoto aliyeanza skuli. Kisha nikalinganisha na madaftari ya wanunuzi ya mizigo iliyopimwa. Yalikubaliana kwa kiasi kikubwa, na pale yasipokubaliana nimesema wazi.

Na mama alinifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote hapa. Alisema mwani hauungui siku za maji mafu, unaungua siku za bamvua, maji yakitoka asubuhi na jua likapanda juu ya dimbwi lililobaki. Nilipoweka vipimajoto nikakuta ndivyo hasa: katika siku hizo maji ya kina kifupi yalipita nyuzi 33, na baada ya hapo ndipo madoa meupe yakaanza. Jina la mama limo kwenye shukrani, lakini hoja yake imo katika moyo wa tasnifu. Mtahini akinibana hapo, nitaisimamia kwa nguvu zangu zote.

Uliniuliza pia kama mnaweza kuja kushuhudia, kama walivyofanya kwa kijana wa Mzee Haji kule Uholanzi. Huko utaratibu ni mwingine. Uholanzi utetezi hufanyika hadharani, ndugu wamejaa ukumbini, maprofesa wamevaa majoho, na muda ni dakika 45 tu. Zikiisha, anaingia mhudumu wa chuo mwenye fimbo ya heshima na kutangaza kwamba wakati umewadia, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Lakini kabla ya siku hiyo kazi yake ilikuwa imeshapitishwa na kamati, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ile ni sherehe. Uingereza uamuzi hutolewa baada ya maswali yenyewe, na mlango hufungwa. Chumba changu kina meza moja na viti vichache. Msinunue tiketi, baba. Mahafali ndiyo ya kuja, na hayo nataka sana mje.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wanapofadhaika bure. Maswali yakiisha nitaambiwa nisubiri nje. Watahini watashauriana, kisha nitaitwa nielezwe matokeo. Kupita bila kuguswa hata nukta kupo, ila ni kwa wachache. Wengi hupewa marekebisho madogo: fafanua aya hii, rekebisha jedwali lile, ongeza rejea. Chuoni kwangu hupewa miezi mitatu kuyamaliza. Hayo ni kufaulu, baba. Wapo wanaopewa marekebisho makubwa ya miezi sita, na hao pia safari yao haijavunjika. Wapo wanaotakiwa kuiandika upya kazi na kuiwasilisha tena, hilo ni zito, linachukua hadi mwaka. Kufeli moja kwa moja ni nadra sana, kwa sababu msimamizi mwenye kujali hamruhusu mwanafunzi wake akabidhi kitu kisichokuwa tayari.

Kwa hiyo nikikupigia Alhamisi ile nikakwambia "wamenipa marekebisho madogo," tafadhali usiniulize nimekosea wapi. Niambie hongera, umwite mama naye aniambie hongera. Ami Khamis naye mwambie mapema, ili habari isije ikageuka njiani.

Kuhusu mbuzi unayetaka kumchinja, nakuomba usubiri kidogo. Udaktari hautolewi siku ya vaiva. Nikimaliza marekebisho, mtahini wa ndani atayapitia na kuridhia, kisha chuo kitaniandikia barua rasmi. Barua hiyo ikifika mkononi mwangu nitakutumia picha yake, na hapo chinja, ualike mtaa wote. Kabla ya hapo naomba mtu asiniite Dokta, hata kwa mapenzi, kwa sababu nataka jina hilo lije na haki yake.

Mambo mawili ya mwisho. Siku ile usinipigie kabla ya saa kumi na moja jioni saa za kwenu, simu nitaizima, na ukikuta haipatikani usiingie wasiwasi. Nikitoka tu nitapiga mwenyewe. La pili, nilikuwa nimemuahidi Bi Mwanajuma kwamba matokeo ya utafiti nitayaleta kwa Kiswahili, wakulima wayasome. Nimeshaanza kuyaandika, kurasa chache zenye picha za mwani mzima na mwani ulioungua, na maelezo ya kamba za kina kirefu ambako maji hayachemki. Mwambie sijasahau. Nikirudi Jambiani tutakaa pamoja tuyasome.

Nisalimie mama, bibi, shangazi na watoto wote. Mwambie Mwanaidi asome kwa bidii, mtihani wake nao unakaribia. Nawaombeni dua, hasa baada ya sala ya adhuhuri ya siku hiyo.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao akupendaye,
Mwanakhamis