Ruhusa ya kupeleka wasifu wangu Dangote Cement Mtwara pekee

Mtwara, Jumatatu 11 Agosti 2025

Dada Rehema,

Salaam. Nashukuru kwa simu yako ya Ijumaa na kwa kunieleza ile nafasi kwa kirefu. Nimezungumza na mke wangu, tumekubaliana nijaribu. Lakini kwa simu sikukupa ruhusa kamili, nilisema nitaandika. Ndiyo hii.

Mimi, Hamisi Chilumba, naruhusu ofisi yenu ipeleke wasifu wangu kwa mwajiri mmoja tu: Dangote Cement, kiwanda cha Mtwara, kwa nafasi ya fundi umeme wa matengenezo. Ruhusa inaishia hapo. Haihusu ofisi zao za Dar es Salaam, haihusu wakandarasi wanaofanya kazi ndani ya kiwanda, wala nafasi nyingine hata ikifanana na hii. Ukiona mahali pengine panaponifaa, nipigie kwanza. Nikikubali, nitakuandikia tena.

Usinione mgumu, dada yangu. Mwaka juzi wakala mwingine aliniomba wasifu kwa ajili ya kazi moja, nikampa kwa moyo mweupe. Kumbe aliusambaza sehemu tatu. Nilikuja kujua nikiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, nimeshika baiskeli yangu, jamaa ninayemfahamu kwa sura tu akaniuliza, "Vipi, unahama kwenye korosho?" Mji wetu huu unaujua, neno likitoka Chikongola asubuhi, jioni limefika Mikindani. Wiki ile ile bosi wangu aliniita ofisini. Hakunifukuza, ila msimu ulipoanza zamu za ziada wakapewa wenzangu, na kwetu sisi msimu ndio unaolipa ada za watoto. Mwalimu wangu wa zamani wa VETA, niliyemweka kama mdhamini, naye alipigiwa simu na watu wawili asiowajua, mmoja saa tatu usiku. Nilimwomba radhi kwa jambo ambalo sikulifanya mimi.

Kwa hiyo wasifu niliokutumia leo, faili `Wasifu_Chilumba_Fundi_Umeme.pdf`, hauna ukurasa wa wadhamini. Majina na namba zao nitawapa wenyewe kiwandani wakiniita kwenye usaili. Peleka faili hilo kama lilivyo. Mkitaka kuweka nembo ya ofisi yenu juu, sawa, lakini msiongeze ujuzi ambao sina. Mota, paneli za umeme na mikanda ya kusafirishia mzigo nimezifanyia kazi miaka 9 na naweza kuzisimamia mbele ya yeyote. Mitambo ya saruji yenyewe sijawahi kuigusa, na nataka wajue hivyo tangu mwanzo.

Mshahara ninaolipwa sasa usiutaje. Wakiuliza, waambie tutaongea kwenye usaili. Mwajiri wangu wa sasa asipigiwe simu na mtu yeyote mpaka niwe na barua ya ajira mkononi. Nikiipata, nitahitaji siku 28 za kutoa notisi, hilo waelezwe mapema.

Kwa upande wangu, nathibitisha kwamba sijaomba nafasi hii mwenyewe wala kupitia wakala mwingine, na sitafanya hivyo wakati ruhusa hii ipo hai. Najua wasifu mmoja ukifika kwa mwajiri kutoka kwa mawakala wawili, mabishano ya nani alipwe kamisheni humwangukia mwombaji. Kwingineko nabaki huru kuomba kazi nitakavyo.

Ruhusa hii ni hadi Jumanne, 30 Septemba 2025. Siku hiyo ikipita bila wao kuniita, au wakinikataa kabla, naomba mfute wasifu wangu kwenye kompyuta zenu na kwenye simu, usiwekwe akiba kwa ajili ya waajiri wengine. Naweza pia kuiondoa ruhusa kabla ya tarehe hiyo kwa kukuandikia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa nilizokupa ni kwa kusudi hili moja. Siitaji sheria kukutisha. Umenipokea vizuri kuliko wote niliowahi kuongea nao, ndiyo maana nakuandikia kwa uwazi hivi.

Kabla hujatuma chochote, nijibu kwa maandishi kwamba umeyakubali haya. Ukishatuma, niambie umetuma siku gani na umempelekea nani, cheo chake tu kinatosha.

Niko zamu ya usiku hadi Alhamisi, asubuhi nakuwa nimelala. Nipigie kuanzia saa nane mchana.

Wako,
Hamisi Chilumba
Chikongola, Mtwara