Menyu ya Huduma: Kusinga, Mvuke na Urembo, Ufukweni Kigoma

Karibu sana. Tunaomba uisome menyu hii kabla hujavua viatu. Kila huduma ina bei, muda na maelezo ya nani asiipate, na hiyo sehemu ya mwisho usiiruke. Nakala ya Kiingereza iliyoko mapokezi ina maonyo haya haya. Hakuna lililopunguzwa kwa kuwa msomaji ni mwenyeji. Ukiona hali yako imetajwa, mwambie dada wa mapokezi, hata kwa kunong'ona. Huduma tuliyokukatalia haina malipo, na kama ulishalipa unarudishiwa pesa yako papo hapo.

Kabla ya huduma yoyote

Mwenye homa hatumgusi, hata akitaka kukandwa nyayo tu. Hapa Kigoma homa ni ya kupimwa malaria kwanza. Tunamwomba arudi siku nyingine pia mwenye tetekuwanga, upele wa kuambukiza, mapunye au kidonda kibichi, na aliyekunywa pombe siku hiyo.

Waliotoka safari ndefu, iwe kwa treni kutoka Dar, kwa basi au kwa meli, wajitazame miguu. Mguu mmoja ukivimba, shavu lake likauma na likawa la moto kuliko la mguu wa pili, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuukanda kunaweza kulifyatua donge hilo likapanda hadi kwenye mapafu na kuua. Usiuchue wala usiutie kwenye maji ya moto. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, siku hiyo hiyo.

Njoo na majina ya dawa unazotumia au boksi zake. Wala usiache kumeza dawa ya presha au ya sukari ili tu ukubaliwe. Hapo utakuwa umejiumiza mara mbili.

Kusinga kwa mafuta ya mise (dakika 60, shilingi 45,000)

Mkono mrefu, wa polepole, kuanzia mabegani hadi unyayoni. Mafuta ni ya kokwa ya mchikichi. Mawese mekundu hatutumii, maana yangeacha rangi kwenye shuka na kwako pia. Kwa anayekuja mara ya kwanza, aanzie hapa.

Mkandaji atakupaka tone moja kifundoni mwa mkono kwanza, akiangalia kama ngozi inawasha. Palipo na mishipa iliyovimba na kujikunja miguuni hapakandamizwi. Mwenye saratani anaweza kusingwa kwa wepesi daktari wake akiridhia, lakini juu ya uvimbe au ngozi iliyopigwa mionzi hatupiti. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asingwe kwa wepesi tu.

Masaji ya kina (dakika 75, shilingi 65,000)

Hii ni ya misuli iliyokaza: waliopanda na kushuka vilima vya Gombe, madereva, mafundi, wanaokaa ofisini wamejikunja. Kiwiko na vidole gumba vinaingia ndani. Itauma kidogo. Ikiuma sana sema, kwa sababu hapa hakuna zawadi ya kuvumilia, na msuli unaojikaza kwa maumivu haufunguki.

Asipate kabisa: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mwenye mifupa iliyodhoofika (wazee wengi, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu), mwenye mfupa uliovunjika ambao haujaunga, mwenye presha isiyodhibitiwa, na mjamzito, ambaye ana huduma yake hapo chini. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri hadi daktari wake amruhusu. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni yanahitaji kuonwa na daktari kwanza. Na kama mgongo unauma huku sehemu za siri zimekufa ganzi au mkojo unatoka wenyewe, usituite sisi wala usingoje kesho. Hiyo ni dharura.

Shingo hatuizungushi wala hatuialishi. Tunajua vinyozi wengi humalizia hivyo na wateja huisifia sana. Kuizungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, na mtu akapata kiharusi. Ukiomba tutakataa, hata kama ni mteja wetu wa siku zote.

Mawe ya moto (dakika 60, shilingi 60,000)

Mawe laini ya mtoni, yaliyopashwa ndani ya maji na kupimwa kwa kipimajoto. Mkandaji huyashika yeye kwanza. Jiwe halikai sehemu moja muda mrefu bila kitambaa.

Hatari kubwa hapa ni kuungua bila kujua. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi, aliyewahi kuugua ukoma, na aliyepooza upande mmoja wasipate huduma hii. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na aliyeunguzwa na jua ziwani. Kama asubuhi ulipaka dawa ya kuchua yenye mentoli au pilipili, njoo kesho.

Chumba cha mvuke chenye mchaichai na mkaratusi (dakika 15, shilingi 20,000)

Wenyeji wataiita nyungu, na ni ndugu yake, ila hapa hujifuniki blanketi juu ya sufuria inayochemka. Sufuria zimeunguza watu wengi. Mvuke unaingia kwa bomba, joto la chumba ni nyuzi 43 hivi, na mlango haufungwi kwa komeo.

Utatoka umelainika na pua imefunguka kwa muda. Haiponyi malaria, nimonia wala kifua kikuu. Haitoi sumu mwilini pia, ingawa utasikia hivyo kila mahali: jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Kilo unayoipoteza humu ni maji, inarudi ukinywa.

Wasiingie: wajawazito, hasa miezi mitatu ya kwanza, aliyepata mshtuko wa moyo karibuni au anayebanwa na kifua, mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa au ya kushuka, mwenye kifafa, watoto chini ya miaka 16. Mwenye pumu asiingie, kwa sababu mvuke na harufu ya mkaratusi vinaweza kumbana. Mwenye selimundu asiingie pia. Kukaukiwa maji kunaweza kuamsha maumivu yake makali. Baridi nayo inaweza kuyaamsha, ndiyo maana hatumpi maji ya baridi ya kujimwagia baada ya huduma nyingine. Anayetumia vidonge vya kukojosha amuulize daktari. Anayefunga Ramadhani aje baada ya futari, akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Wanaume wanaotafuta mtoto wajue kwamba joto la mara kwa mara linaweza kupunguza mbegu kwa muda.

Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kwenda mbio, toka. Usingoje dakika zako ziishe, tutakurudishia.

Kusugua mwili kwa chumvi ya Uvinza na asali ya Tabora (dakika 45, shilingi 50,000)

Chumvi iliyosagwa laini inaondoa ngozi iliyokufa, asali inalainisha. Mwenye mzio wa asali au mazao mengine ya nyuki aseme mapema, tumsugue kwa liwa. Chumvi haipakwi kwenye ngozi iliyochanika, yenye pumu ya ngozi, iliyounguzwa na jua, au iliyonyolewa au kutolewa vinyweleo ndani ya saa 24. Mgeni mwenye ualbino tunamhudumia kwa liwa na kwa mkono mwepesi. Tukiona kidonda au gamba lisilopona kwenye ngozi yake, tutamwonyesha na kumshauri aende kliniki ya ngozi. Tafadhali asituone wachokozi, saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika.

Usafi wa uso (dakika 50, shilingi 35,000)

Kuosha, mvuke mwepesi, kutoa vichunusi vyeusi, barakoa ya udongo. Swali letu la kwanza litakuwa kama unatumia mkorogo. Jibu halitoki nje ya chumba. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi huiacha ngozi nyembamba, na tukiisugua itachubuka. Krimu za zebaki huweza pia kuharibu figo. Kwa hali hiyo tutaosha na kupaka kinga ya jua tu, kwa shilingi 15,000. Anayepaka dawa ya chunusi yenye retinoidi aiache siku chache kwanza kwa ushauri wa aliyemwandikia. Anayemeza vidonge vya isotretinoini asifanyiwe kusuguliwa wala kung'olewa vinyweleo kwa nta hadi miezi sita baada ya kumaliza. Mafuta ya limau hatupaki usoni kwa anayekwenda ziwani, kwa sababu yakikutana na jua yanababua.

Masaji ya mjamzito (dakika 45, shilingi 45,000)

Kuanzia mwezi wa nne, mama akiwa amelala ubavu na mito. Tumbo halikandwi. Njoo na kadi ya kliniki. Hatumkandi mama anayetokwa damu, mwenye presha, aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au aliyeambiwa kondo liko chini. Kichwa kuuma sana, kuona nyotanyota, uso na mikono kuvimba ghafla: aende hospitali moja kwa moja.

Chuku kavu (dakika 30, shilingi 25,000)

Vikombe vya kuvuta, bila wembe. Hijama ya kutoa damu hatufanyi. Alama nyekundu au nyeusi zitabaki siku kadhaa. Si kwa mjamzito, mwenye upungufu wa damu, selimundu, ngozi dhaifu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Miguu na hina (miguu shilingi 20,000, hina kuanzia 15,000)

Mwenye kisukari hatumkati sugu wala kucha zilizoingia ndani. Tunaosha, tunakausha, tunapaka mafuta, tukiacha katikati ya vidole pakavu. Hina ni ya majani. Piko nyeusi hatupaki, ina rangi ya nywele inayoweza kutoa malengelenge na kuacha kovu. Hina yenyewe asipakwe mtoto mchanga wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, kwani inaweza kuvunja chembe za damu.

Baada ya huduma

Keti kwanza, usinyanyuke ghafla. Maji ya kunywa na chai ya tangawizi ni bure. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya masaji ya kina ni kawaida. Michubuko mikubwa, malengelenge, kifua kubana au pumzi kukatika si kawaida. Nenda hospitali kwanza, kisha utupigie.

Wanawake huhudumiwa na wanawake, wanaume na wanaume, isipokuwa mgeni mwenyewe akipenda vingine. Nguo ya ndani haivuliwi, na huduma za chumbani gizani hazipo kwenye menyu hii wala nje yake. Tunafungua saa 3 asubuhi hadi saa 1 jioni. Jumatatu tumefunga, chumba cha mvuke kinasafishwa.