Muhtasari wa safu ya maoni: “Mgambo waanzie kiwandani”

Kwa mtangazaji wa mjadala wa kesho asubuhi. Safu ni ndefu na ina machozi mengi, kwa hiyo nimeichambua: anachodai mwandishi, anachokitolea ushahidi, na pale anapotugusa moyo tu.

Hoja

Mwandishi hapingi katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019. Waliosoma kichwa cha habari peke yake watadhani anapinga. Msikilizaji akipiga simu na kusema hivyo, mrekebishe mapema. Anachodai ni kwamba katazo linapwaya kwa sababu msako unaishia kwa muuza genge na mteja wake, huku mtengenezaji na mwingizaji wa vifungashio wakiachwa. Sentensi inayobeba hoja imejificha aya ya 6: “Anayefungia dagaa siye anayetengeneza mfuko.” Aya zilizotangulia unaweza kuziruka usipoteze kitu.

Ushahidi

Ulio imara ni kanuni zenyewe za 2019. Mtengenezaji au mwingizaji wa mifuko hiyo anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Muuzaji, shilingi 100,000 hadi 500,000 au miezi isiyozidi 3. Anayekutwa nao mkononi, shilingi 30,000 hadi 200,000 au siku zisizozidi 7. Mwandishi anasema waliotunga kanuni walishajua mkosaji mkubwa ni nani. Hapo amejenga vizuri.

Anaonyesha pia mlango ulioachwa wazi: plastiki za kufungashia bidhaa za viwandani, vyakula vilivyosindikwa, dawa na pembejeo ziliruhusiwa. Vile vifuko laini visivyo na mikono vikageuzwa vya kubebea nyanya, vitumbua, hata mchuzi wa moto, mpaka Baraza la Mazingira la Taifa, NEMC, likalazimika mwaka 2021 kutangaza katazo la vifungashio visivyokidhi viwango. Haya yasome hewani bila wasiwasi.

Alichokiona soko la Mgandini, hapa Tanga, ni cha kupima. Alisimama asubuhi moja kwenye meza ya muuza dagaa, na katika wateja aliowaona ni mmoja tu aliyekuja na kikapu. Sawa, ni shahidi wa meza moja. Kutoka hapo anaruka hadi “nchi nzima imerudia rambo”.

Rwanda nayo imeletwa, kwamba ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008 na Kigali ikawa safi kwa kuwabana waingizaji. Hakutaja mizigo ya abiria inayopekuliwa mipakani, wala umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaomtoa mwananchi wa kawaida nje na fagio. Mfano huu ukiutazama wote unampinga kidogo, maana Rwanda ilimbana na mtumiaji.

Pengo kubwa ni hili: hakuna mahali anapoonyesha kwamba viwanda havikaguliwi. Hoja nzima imeegemea hapo, na hakuna kesi aliyoitaja, hakuna ripoti, hakuna ofisa aliyeulizwa.

Ya kugusa moyo

Ni karibu nusu ya safu. Mgambo wanapiga teke beseni la mama muuza dagaa, dagaa wanatapakaa kwenye maji ya mtaro, mjukuu mgongoni analia. Ameandika kwa ustadi, na wasikilizaji watakuja na kisa hiki mdomoni. Lakini kisome polepole: hasemi kama mama alifukuzwa kwa sababu ya vifuko au kwa kupanga biashara barabarani. Ikiwa ni la pili, kisa hakihusu plastiki hata kidogo.

Ng'ombe aliyepasuliwa akakutwa na bonge la nailoni tumboni ni jambo linalotokea kweli kwa mifugo inayozurura majalalani. Linathibitisha kwamba plastiki inadhuru, ambalo hakuna anayelibishia. Halisemi nani akamatwe. “Wajukuu watatulaani” na jina la Mwalimu Nyerere katika mstari wa mwisho ni pambo. “Wakubwa wa viyoyozi” si pambo la bure, maana hasira hiyo ameiweka palepale ambapo ushahidi dhidi ya viwanda ulitakiwa kukaa.

Ya kusoma hewani

“Mwandishi anaunga mkono katazo la mifuko ya plastiki, ila anataka msako uanzie kwa watengenezaji na waingizaji badala ya wauzaji wadogo. Anategemea adhabu zilizomo kwenye kanuni za 2019, namna vifungashio vilivyogeuzwa mifuko, aliyoyaona soko la Mgandini, na mfano wa Rwanda.”

Mgeni wa NEMC akishakaa, swali la kwanza liwe lile ambalo safu haikulijibu: tangu 2019, ni watengenezaji na waingizaji wangapi wamefikishwa mahakamani, na wauzaji wa sokoni wangapi?