Hepi besdei da Rehema, huku tumeshaanza

Da Rehema shikamoo, hepi besdei!!! 🎂🎂

Najua sasa hivi unaangalia saa ya huko Minneapolis unaona ni saa tisa mchana tarehe 11 unasema huyu Sele kawahi, kakosea siku. Sijawahi dada. Hapa Sinza ni saa sita na dakika nne usiku, tarehe 12 imeshaingia, na wewe hukuzaliwa Minnesota, umezaliwa Bombo pale Tanga, kwa hiyo saa inayohesabika ni ya Tanga. Usipoamini subiri mama yako, akishaswali alfajiri tu atakupigia na huko itakuwa kama saa mbili na nusu usiku bado ya tarehe 11, sasa nenda kabishane na yeye 😂

Halafu ukipiga hesabu wewe ndo umefaidi kuliko sisi wote. Ukianzia saa sita usiku ya kwetu mpaka saa sita usiku ya kwenu ya kumaliza tarehe 12 ni masaa 33. Nani mwingine timu nzima ana besdei ya masaa 33? Yangu iliisha hata soda haijapoa.

Kitu kingine, na hii nacheka mwenyewe hapa, kwenye sava yetu hata sasa bado ni tarehe 11, saa tatu usiku ya UTC. Unakumbuka ile ishu ya duka la dawa linalokesha, mauzo yote ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa yalikuwa yanasoma tarehe ya jana, mwenye duka anasema vijana wake wanamuibia, sisi huku tumeshaanza kumtilia shaka yule keshia, wewe ukaja ukauliza swali moja tu, "hii ripoti inakata siku kwa saa ya nani?" Kwisha habari. Yule dada wa kaunta bado yupo kazini mpaka leo na hajui kabisa kuna mtu anaitwa Rehema yupo kwenye barafu huko aliyemuokoa. Mimi najua. Na ile tabia yako ya kuandika noti ndefu kwenye tiketi kabla hujalala, mpaka tukiamka tunajua umeishia wapi, umejaribu nini na nini tusiguse, aisee ndo maana sisi huku huwa hatukuhesabu kama mtu wa mbali. Neema akifungua kompyuta asubuhi neno la kwanza ni "Rehema kasemaje?" kabla hata hajasalimia waliopo.

Sasa ratiba ya leo. Standapu ni ileile saa kumi na moja jioni yetu, saa mbili asubuhi yako, ila hatuongelei kazi. Washa kamera. Keki ipo, ya vanila kwa sababu wewe na chokoleti hamuelewani, kipande cha kwanza tunakilisha skrini halafu kwa niaba yako anakula Baraka, kajiteua mwenyewe na hakuna aliyemuweza. Maji tulikuwa tukumwagie kama kawaida, tena Neema alishatafuta ndoo, lakini tukafikiria Februari ya huko na maziwa yote yameganda, tukasema tutamuua mtoto wa watu. Deni linabaki palepale, ukija Desemba usivae nguo ya maana siku ya kwanza.

Kuna kahela tumechanga, nimekutumia, uiangalie. Masharti ni moja tu, usinunue kitu cha ofisi (nakujua). Nenda kale sambusa kwa Wasomali pale Cedar-Riverside, za nyama, na chai ya maziwa ya moto, upige picha. Huku joto limetukalia, kaskazi inavuma lakini ndani ya chumba hata huisikii, feni inazungusha hewa ileile, naandika hii nimevaa singlendi halafu nakufikiria wewe na makoti matatu nasikia vibaya na nasikia raha kwa wakati mmoja.

Mungu akupe afya, umri na watu wa kukuchekesha hukohuko, sio wa kwenye skrini tu. Akutunzie na mama pale Ngamiani.

Tiketi zako za leo nimechukua mbili, Neema moja, ile ya risiti za EFD kabeba Baraka kama malipo ya keki. Ukifungua ubao utakuta jina lako halina kitu, usiguse, sio bagi.

Haya pokea simu sasa nakupigia, najua upo kwenye meza yako unakunywa kahawa ya pili.

Sele